Mteja akikuuliza "watu arobaini ni kilo ngapi za samaki?" usijibu kabla hujasoma hii

Leo naongea na wale wanaouza samaki kwa simu, kwa stetasi ya WhatsApp, kwa magrupu, na kumpelekea mteja kwa bodaboda. Mimi niko hapa Songea. Samaki wangu wengi wanapanda kutoka Mbamba Bay kupitia Mbinga, na wengine, sato wa kufuga, nawachukua kwenye mabwawa ya hukuhuku. Nitakueleza kosa nililofanya mwaka wa kwanza, halafu nikuonyeshe jinsi ya kupiga hesabu ya samaki mzima kwa kichwa cha mtu, ukitoa magamba, utumbo, kichwa na miiba.

Kulikuwa na mama mmoja wa Bombambili, mtoto wake alikuwa anapata kipaimara. Akaniandikia: "Mwanangu, nina wageni arobaini, mboga kubwa ni samaki. Niagize kilo ngapi?" Mimi bila kufikiria nikamjibu kilo kumi. Nilikuwa nimeshika ile hesabu ya nyama tunayoijua wote, kwamba kilo moja ya nyama watu wanne, yaani robo kwa mtu. Nikampelekea kilo kumi za magege wadogo, wanne kwenye kilo. Samaki arobaini kamili, kila mtu na samaki wake. Nikajiona fundi wa hesabu kabisa.

Jioni simu ikaita. Kwanza, alipowapima nyumbani hawakufika hata kilo nane na nusu. Alikuwa amenilipa kilo kumi, akaona nimemwibia kilo moja na zaidi. Pili, samaki hawakutosha. Baada ya kukaangwa walisinyaa, wagawaji wakaona aibu kumwekea mzee samaki mmoja mdogo vile, wakawa wanaweka wawiliwawili. Meza mbili za mwisho zikala wali na mchicha. Mama hakunitukana, ila aliniambia neno moja lililoniuma: "Mwanangu, sikukuuliza bei, nilikuuliza ushauri." Na kwenye jumuiya yao alisema yaliyomkuta. Wateja watatu wa mtaa ule nikawapoteza wiki hiyohiyo.

Cha ajabu, sikuwa nimemwibia hata gramu moja. Kilo kumi zilikuwa kilo kumi mizani ikitazamwa. Tatizo ni kwamba mimi nilipima samaki na magamba yake na utumbo wake, yeye akapima samaki niliyemsafisha. Na wote wawili tulikuwa hatujui kwamba ndani ya samaki yule kuna mnofu kiasi gani.

Nikaamua kupima mwenyewe

Wiki iliyofuata nilichukua sato wanne wa nusu kilo kila mmoja, jumla kilo mbili kamili, yaani gramu 2,000. Nikaweka mizani jikoni na daftari pembeni, kila hatua napima.

Nilipopara magamba na kukata mapezi, zikabaki gramu 1,920. Magamba yanaonekana mengi kwa sababu yanaruka jiko zima, lakini uzito wake ni mdogo. Gramu 80 tu kwenye kilo mbili.

Kisha nikapasua tumbo, nikatoa utumbo na yale mashavu mekundu ya kwenye kichwa. Hapo ndipo uzito ukaporomoka, zikabaki gramu 1,680. Yaani kila kilo moja niliyoanza nayo sasa ilikuwa gramu 840. Piga hesabu ya kilo kumi za yule mama, unapata kilo nane na gramu 400. Ndiyo ile ile "haijafika nane na nusu" aliyoiona kwenye mizani yake. Kumbe alikuwa sahihi, na mimi nilikuwa sahihi, ila hakuna aliyemwambia mwenzake.

Nikakaanga wote na vichwa vyao kama tunavyokula huku. Samaki akiingia kwenye mafuta ya moto maji yanatoka, ndiyo yale yanayochemka na kurukaruka. Walipotoka na kuchujwa mafuta zilibaki gramu 1,260 hivi, karibu robo ya uzito imeondoka na maji.

Tukakaa tukala, mimi na wa nyumbani kwangu, halafu nikakusanya mabaki yote: vichwa, mgongo, mbavu, mikia. Nikaweka kwenye mizani, gramu 640. Toa hizo kwenye 1,260, tulichokula kweli kilikuwa gramu 620. Kilo mbili za samaki sokoni, gramu 620 tumboni.

Kwa hiyo samaki mzima wa nusu kilo anampa mtu kama gramu 150 za mnofu uliopikwa. Huo ni mlo wa heshima wa mtu mzima anayekula na ugali au wali. Sasa mrudie samaki wa robo kilo niliyempeleka kipaimara. Alitoa kama gramu 75, na nusu ya hizo unazifukuza kwenye mbavu. Lazima wagawaji waweke wawili.

Ndiyo maana hesabu ya nyama haifai hapa. Robo kilo ya nyama ya steki ukiipika inapungua maji, lakini kinachobaki chote unatafuna. Robo kilo ya samaki mzima, zaidi ya nusu yake hutafuni kabisa.

Kanuni ninayoitumia sasa

Samaki ndiye mboga kuu: nusu kilo ya samaki mzima, kabla hajasafishwa, kwa kila mtu mzima.

Samaki yupo pamoja na nyama, kuku au mboga nyingine nzito: gramu 300 mpaka 350 kwa mtu. Hapo chukua samaki watatu kwenye kilo, kila mtu apate wake mmoja mzima.

Mtoto mdogo: nusu ya mtu mzima, na wapishi wamchambulie miiba kabisa.

Kama mteja anataka minofu mitupu, isiyo na ngozi wala mfupa: gramu 150 mpaka 200 mbichi zinamtosha mtu. Lakini kumbuka sato wa kilo moja ukimtoa minofu kwa kisu vizuri unapata kama theluthi moja tu ya uzito wake. Yaani kilo moja ya minofu imekula kilo tatu za samaki. Usiiuze kwa bei ya kilo moja na nusu ukadhani umepata faida.

Hizi namba ni za sato, perege na magege, wale samaki wapana wenye magamba. Wengine wanatofautiana kidogo, na wewe muuzaji ndiye unayetakiwa kujua.

Kambale hana magamba, hivyo watu wanadhani hana hasara. Mtazame kichwa chake. Ni kipana, ni mfupa mtupu, na kinaweza kubeba robo ya uzito wa samaki wote au zaidi. Kwa kambale mzima napandisha mpaka gramu 600 kwa mtu, isipokuwa kama wanapika supu ambako kichwa chenyewe ndiyo utamu.

Mbasa ni kinyume chake. Ni mrefu, kichwa chake kidogo, magamba madogomadogo, mwili mwingi ni mnofu. Gramu 400 zinamtosha mtu. Ila ana vimiiba vyembamba vilivyojificha ndani ya nyama yenyewe, tofauti na sato ambaye miiba yake mingi imekaa mgongoni na kwenye mbavu. Mteja akisema chakula ni cha watoto au wazee, mwambie mapema kuhusu vimiiba hivyo, usisubiri aulize.

Dagaa wao hawana hesabu hii hata kidogo. Analiwa na kichwa na mfupa, unachopima ndicho kinacholiwa.

Samaki mmoja mkubwa au wawili wadogo?

Hapa wauzaji wengi tunakosea. Mteja ana watu wawili, unampa samaki wa kilo moja akatwe katikati. Kwa mizani kila mmoja amepata nusu kilo. Kwa sahani, mmoja amepata kichwa na mbavu, mwingine amepata nyama ya nyuma. Wa kichwa atakuwa na kipande kizito zaidi lakini mnofu kidogo, na kwenye shughuli manung'uniko yanaanzia hapo.

Kwa hiyo nikipata oda ya shughuli nauliza kwanza: kila mtu anapata samaki mzima, au vipande? Akisema mzima, natafuta samaki wa ukubwa mmoja, na nahesabu idadi kabla ya kilo. Akisema vipande, namshauri vichwa vikatwe vyote viende kwenye supu au mchuzi, halafu kiwiliwili ndiyo kigawanywe. Siku moja nilipima vichwa vya sato peke yake, vilikula kama gramu 220 kwenye kila kilo ya samaki mzima. Ukitoa magamba, utumbo na kichwa, kilo moja inakuachia gramu 620 hivi, na hapo mgongo na mbavu bado zimo.

Sasa bei

Kama unauza samaki mzima na unamsafishia mteja bure, pima mbele yake kabla ya kusafisha, au mtumie picha ya mizani ikiwa na samaki wake. Picha moja inaondoa ugomvi wote. Na ukitumia ndoo au beseni, lipime kwanza likiwa tupu, utoe uzito wake. Samaki waliotoka kwenye barafu wachuje dakika kadhaa kabla ya kupima, vinginevyo unamuuzia mteja maji, na yeye ataligundua nyumbani.

Kama unauza kwa uzito wa samaki aliyesafishwa, bei ya kilo lazima ipande. Chukua kalkuleta ya simu. Bei ya kilo ya samaki mzima gawanya kwa 0.84. Tuseme mzima unauza 10,000. Gawanya kwa 0.84, unapata 11,900 na ushee, weka 12,000. Aliyetolewa na kichwa, gawanya kwa 0.62, unapata kama 16,000. Mteja akilalamika kwamba 12,000 ni ghali, mweleze kwamba ni hela ileile, ila haumlipishi utumbo.

Namba 0.84 ni ya kuanzia, usiichukue kama msahafu. Sato jike mwenye mayai tumboni anapoteza zaidi akipasuliwa. Samaki wa bwawa aliyevuliwa akiwa ametoka kula naye tumbo limejaa. Kwa hao wa bwawa, mwombe mfugaji asiwalishe siku moja kabla ya kuwavua. Utumbo unakuwa mwepesi, na samaki hawaharibiki haraka njiani. Halafu wewe mwenyewe pima kilo mbili tatu za mzigo wako mpya kabla na baada ya kusafisha, uone umeangukia wapi. Ukipata gramu 800 badala ya 840, gawanya kwa 0.80.

Oda niliyopiga hesabu vizuri

Mwaka uliofuata dada mmoja wa Msamala aliniandikia ana shughuli ya arobaini ya baba yake. Watu 60, samaki ndiye mboga kuu, anataka wakaangwe wazima. Nikamuuliza, "Pole sana dada. Kwenye hao 60, watoto wadogo ni wangapi?" Akasema kama 15.

Wakubwa 45, kila mmoja samaki wa nusu kilo: samaki 45. Watoto 15, nusu samaki kila mmoja: samaki 8. Jumla 53. Nikaongeza wawili, kwa sababu kwenye kukaanga wengi hivyo lazima wapo wanaokatika mkia au kushika kwenye kikaango. Samaki 55, kilo 27 na nusu.

Kabla hajatuma hela nikamwandikia hivi, na ujumbe huu mpaka leo nimeuhifadhi kwenye simu, nabadilisha namba tu:

"Dada, oda yako ni samaki 55, kilo 27.5 wakiwa wazima. Nikishawapara na kuwatoa utumbo watabaki kama kilo 23, usishtuke ukipima. Wakishakaangwa watapungua tena kwa maji kutoka. Kila mtu mzima atapata samaki wake mmoja. Nitakutumia picha ya mizani kabla ya kusafisha."

Angalia hela sasa. Kwa ile bei yetu ya mfano ya 10,000 kwa kilo, oda hiyo ni 275,000. Kama ningemuuzia kwa uzito wa waliosafishwa kwa 12,000, kilo 23.1 zingeleta 277,200, karibu sawa. Lakini kama ningepima baada ya kusafisha halafu nikabaki na bei ya 10,000 kwa kuogopa kuonekana ghali, ningepokea 231,000. Hapo 44,000 zimeingia kwenye ndoo ya utumbo. Kwenye oda moja hiyo unaweza ukawa umefanya kazi bure, nauli ya mzigo na barafu vimetoka mfukoni kwako.

Nilipompelekea akapima, akapata kilo 23 na kidogo. Akaniambia, "Kama ulivyosema." Chakula kilitosha, wakabaki samaki wawili, wakala wapishi.

Na yule mama wa Bombambili? Nilimfuata nyumbani kwake na daftari langu, nikamwonyesha zile namba za jikoni, nikamwambia, "Mama, ulichopima kilikuwa sahihi, na ushauri niliokupa ulikuwa mbovu." Nikampa kilo mbili za magege. Alicheka, akasema angalau sasa anajua mwenyewe. Hajawahi kuniagizia shughuli tena, lakini samaki wa Ijumaa ananunua kwangu.

Wenzangu mnaouza sangara, changu au vibua, mkipima kabla na baada ya kusafisha mnabaki na gramu ngapi kwenye kilo? Andikeni hapo chini, na mtaje ukubwa wa samaki, tuwe na namba za kila aina.